Lebo Mbili Nilizozibandika Kinyume

Nilirudisha funguo za maabara mwezi uliopita, nikiwa na miaka arobaini na tisa. Mwalimu mmoja aliniambia huko si kustaafu, ni kukimbia. Nilimjibu kwamba mapafu yangu yamevuta mvuke wa tindikali kwa miaka ishirini na sita, na yenyewe ndiyo yaliyoandika barua ya kuacha kazi. Ninawaandikia nyinyi mnaoshika funguo sasa. Sikupita chuo. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa kuosha chupa, nikabaki.

Kwa kawaida sikukaa shule moja zaidi ya miaka sita. Nilianzia Nyakasimbi, nikaenda Isingiro, nikarudi Karagwe, nikavuka tena Kyerwa, nikamalizia shule moja huko Nyakakika. Watu walidhani ninafukuzwa. Hapana. Nikishazoea mahali, miguu huanza kuniwasha, na nikishahama huanza kupakumbuka. Hata leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa ninaona lile kabati la Nyakasimbi lenye mlango mmoja, na ninatamani kulifungua tu nione kama bado linalia.

Siku yangu ya kwanza nilivunja silinda mbili za kupimia kabla ya saa nne asubuhi. Aliyenipokea alikuwa Mzee Sadala, mtunza maabara wa zamani, ambaye babu yake alikuja Karagwe kuuza vitambaa akitokea Tanga na hakurudi. Alikuwa na kofia nyeupe na ulimi mkali. Aliviangalia vile vipande, akasema, "Mwanangu, umevunja mbili. Ya tatu ivunje kesho, leo tumechoka kufagia."

Mzee Sadala ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kumimina tindikali kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali. Alinifundisha kwamba mizani isipoanzia sifuri, kila utakachopima baada ya hapo ni uongo wenye tarakimu. Na alinifundisha kutengeneza chati bila kupoteza karatasi ya manila. Manila zilikuwa adimu, kwa hiyo hatukuandika maneno juu yake. Tulichora mihimili na mistari kwa penseli, kisha maneno tuliyaandika kwenye vipande virefu vya karatasi ya daftari, tukavibandika kwa uji mzito wa muhogo. Chati ikishatumika, unalowesha kipande, unakibandua taratibu, unafuta penseli, na manila inazaliwa upya. Nimetumia manila moja kwa miaka mitatu. Ilikuwa imepauka kama shuka la bweni, lakini ilifanya kazi.

Alinipa pia desturi moja ambayo niliwapa wanafunzi wote waliopita mikononi mwangu: kabla ya kuisemea chati, iguse. Weka kidole kwenye mhimili wa chini, soma neno lililoandikwa pale, panda mpaka kwenye mstari, nenda kushoto mpaka kwenye mhimili wa wima, soma neno la pale. Kidole kikikataa, mdomo unyamaze.

Sasa niwasimulie kuhusu Jovina, kwa sababu katika kesi zote ngumu nilizoshuhudia, ile ndiyo iliyosababishwa na mikono yangu mwenyewe.

Jovina alikuwa kidato cha tatu, mwembamba, mbishi. Mama yake ana kibanja cha migomba na kahawa, na kama akina mama wote wa upande ule, kila kiangazi hupanda mlimani kukata nyasi, azifunge mizigo, azibebe kichwani, azitandaze chini ya migomba ili udongo usikauke. Jovina alibeba naye tangu akiwa darasa la pili. Siku moja alinijia maabara shingo ikiwa imekakamaa, akaniuliza, "Mama Maabara, hivi hizi nyasi, nani aliwahi kupima zinatosha ngapi?"

Nikamwambia simfahamu mtu huyo.

"Basi nitakuwa mimi," akasema.

Alipima kweli. Nyuma ya maabara alitengeneza vitalu vitano, kila kimoja hatua moja kwa hatua moja, udongo uleule. Cha kwanza aliacha kitupu. Cha pili alitandaza nyasi unene wa sentimita tano, cha tatu kumi, cha nne kumi na tano, cha tano ishirini kama anavyotandaza mama yake, kwa rula, akizishindilia kwa ubao mmoja ili asijidanganye. Akamwagilia kila kitalu ndoo moja iliyojaa. Akasubiri siku kumi na mbili za jua bila kuongeza tone. Siku ya kumi na tatu alichota udongo kutoka kila kitalu, sehemu tatu tatu, kwenye kina kilekile. Alipima gramu mia moja, akaukausha kwenye sufuria bapa juu ya moto mdogo wa mkaa, akapima, akaurudisha motoni, akapima tena, mpaka uzito ulipogoma kushuka. Kilichopungua ndiyo maji. Kwa kuwa alianza na gramu mia, gramu zilizopungua ndizo asilimia. Akachukua wastani wa sampuli tatu za kila kitalu.

Kitalu kitupu kilikuwa na maji asilimia tisa. Cha sentimita tano, kumi na nne. Cha kumi, kumi na nane. Cha kumi na tano, ishirini. Cha ishirini, ishirini na moja.

Tazameni hizo namba vizuri. Sentimita kumi za kwanza zimeongeza asilimia tisa. Sentimita kumi zilizofuata zimeongeza tatu tu. Jovina alipoziona alikaa kwenye kigoda akacheka peke yake. "Mawe!" akasema, kama wasemavyo kwao mtu akishtuka. "Nusu ya mizigo tunayobeba haifanyi kitu."

Maonyesho ya sayansi ya wilaya zote mbili, Karagwe na Kyerwa, yalifanyika mwaka ule kwenye ukumbi wa shule moja upande wa Isingiro. Wawili wa kwanza wangekwenda Bukoba kwenye mashindano ya mkoa, na Jovina aliitaka Bukoba kuliko kitu chochote. Wakulima walialikwa, kwa hiyo kazi zote ziliandikwa na kusemwa kwa Kiswahili. Siku moja kabla ya safari, Jovina alichora mihimili, akaweka namba na nukta na mstari wake, akaandika na vipande viwili vya maneno: "Unene wa nyasi (sm)" na "Maji katika udongo (%)". Kisha akaitwa kwenye mtihani wa majaribio. Mimi nikabandika, mkono mmoja kwenye uji, jicho moja kwa wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wakichemsha kitu ambacho hakikupaswa kuchemshwa. Vipande vilikuwa na urefu uleule. Namba za chini zilikwenda sifuri mpaka ishirini, za wima sifuri mpaka ishirini na tano. Hakuna kitu kilichonipigia kelele. Nikakunja manila, nikaifunga kwa kamba ya mgomba, nikajiona mtu wa maana.

Asubuhi ya maonyesho chati zote zilipelekwa mezani kusajiliwa. Kila moja ilipigwa muhuri kwenye kona. Sheria ilitangazwa kwa kipaza sauti: kazi iliyokwisha kugongwa muhuri haiguswi, atakayeigusa anapoteza alama zote za chati. Kisha zikatundikwa ukutani, na majaji wakapita wakiziangalia kabla ya kuanza.

Mwenyekiti wa majaji alikuwa Bwana Bitegeko, afisa kilimo wa siku nyingi. Kila mkulima pale alikwisha kumsikia akihubiri mkutanoni kwamba nyasi zitandazwe nene mpaka goti lizame. Alisimama mbele ya chati ya Jovina, akavaa miwani, akatabasamu.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umefanya vizuri, binti. Hiki ndicho ninachowaambia siku zote. Nyasi nyingi, halafu nyingi tena." Akampigapiga begani, akaendelea.

Jovina akabaki amesimama. Baadaye aliniambia kwamba sifa ile ilimkwaruza. Kama mzee amesoma chati na kukubaliana nayo, basi chati inasema kitu ambacho yeye hakukigundua. Akaenda karibu, akanyoosha kidole, akakiweka kwenye kumi ya mhimili wa chini.

"Mama Maabara." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Njoo usome hapa."

Nikasoma. Chini palikuwa na maneno "Maji katika udongo (%)". Kwenye wima palisimama "Unene wa nyasi (sm)". Vipande vile nilivibandika mimi.

Mnaweza kudhani ni jambo dogo, maneno mawili yamebadilishana viti. Sikilizeni. Mstari wake ulipanda kwa kasi mwanzoni kisha ukalala. Kwa lebo sahihi, mstari ule unasema nyasi za mwanzo zinasaidia sana na za mwisho hazisaidii. Kwa lebo zangu ulisema kinyume chake. Maji yakitoka sifuri kwenda asilimia tano, unene wa nyasi unatoka tisa kwenda kumi na nne, yaani sentimita tano nzima. Lakini maji yakitoka kumi na tano kwenda ishirini, nyasi zinatoka ishirini kwenda ishirini na moja tu. Yaani ukishatandaza sentimita ishirini, ongeza moja tu uvune maji tele. Rundika, rundika, rundika. Kazi yote ya Jovina ilikuwa imegeuka kuwa hotuba ya Bwana Bitegeko.

Kabla ya zamu ya Jovina walibaki wanafunzi wawili. Mwalimu Kamugisha, mwalimu wetu wa biolojia, alikuja mbio alipotuona tumeinama. Nilimweleza. Nilijaribu kubandua kona moja kwa ukucha, ikaja na ngozi ya manila. Uji wa muhogo ukishakauka haubembelezeki, unahitaji maji na nusu saa.

"Geuza karatasi ubavu," akasema Mwalimu. "Ya wima iwe ya chini."

Tulijaribu kwa mawazo, tukiinamisha vichwa. Haikufaa. Ukiizungusha karatasi, kila lebo inahama pamoja na namba zake, na kosa linahama nazo. Zaidi ya hapo sifuri inakwenda kona nyingine na namba zinahesabika kurudi nyuma.

"Basi sikiliza," akasema Mwalimu Kamugisha, akishusha sauti. "Ongea tu kama ulivyojiandaa. Onyesha kwa fimbo haraka haraka. Nani atasoma maandishi kutoka kule nyuma? Mwenyekiti ameshaipenda. Bukoba hiyo, Jovina."

"Ameipenda kwa sababu ni uongo, Mwalimu."

"Uongo gani? Namba ni zako."

"Namba ni zangu. Maneno yanazisemea vibaya."

"Ukiigusa, alama za chati zote zinakwenda. Umesikia kipaza sauti?"

"Nimesikia."

Nikasema mimi nitakwenda mezani nikiri kwamba kosa ni langu. Mwalimu akanishika kiwiko. "Mama, tafadhali. Ukisema wewe ndiye uliyebandika, watasema kazi si ya mwanafunzi, wataitoa kabisa." Sikwenda, na sijivunii hilo.

Jina lake likaitwa. Jovina alichomoa kalamu nyeusi nene kutoka kwenye mfuko wa koti langu la maabara bila kuniomba, akaenda.

Alisimama mbele ya ukumbi uliojaa, akawaamkia watu. Kisha hakuanza na utangulizi tuliomkaririsha. Akasema, "Wazee wangu, mama zangu, chati hii ina kosa. Nimeliona sasa hivi. Lebo zimebadilishana mahali." Akageuka, akapiga mstari mmoja mweusi juu ya lebo ya chini, mmoja juu ya lebo ya wima, taratibu, ili kila mtu aone. Maneno ya zamani yalibaki yakisomeka chini ya mstari. Pembeni yake akaandika yale sahihi.

Bwana Bitegeko akavua miwani.

"Binti, unajua ulichofanya? Umeharibu kazi iliyogongwa muhuri."

"Sijaiharibu, mzee. Ilikuja imeharibika."

Watu wa nyuma wakacheka. Mzee hakucheka.

"Mimi nimeisoma asubuhi, ikaeleweka. Sasa unaigeuza mbele ya watu ili ikubaliane na maneno yako. Nitajuaje ni ipi ya kweli?"

Hilo ni swali zuri, na ninalisema mpaka leo. Ndilo swali ambalo kila jaji anapaswa kuuliza. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nikijua daftari lake la vipimo liko mezani kwangu Nyakakika. Hilo nalo nililisahau mimi.

Jovina akaweka kidole kwenye nukta ya kwanza kabisa kushoto.

"Isome kama ilivyokuwa asubuhi, mzee. Hapa chini ni sifuri. Kama chini ni maji, basi nilikuwa na kitalu kisicho na maji hata kidogo, chenye nyasi sentimita tisa. Udongo usio na maji hata kidogo unaupata wapi? Mimi niliupata kwenye sufuria tu, baada ya kuuchoma. Lakini kitalu kisicho na nyasi ninacho. Hata wewe ukienda shuleni leo utakikuta, kiko kitupu."

Mama mmoja akasema kwa nguvu, "Eee waitu, jamani, anasema kweli!"

"Nyamaza, Ma, aendelee," akajibiwa.

"La pili," Jovina akasema, akishusha kidole kwenye mhimili wa chini na kukirusha kutoka nukta moja hadi nyingine. "Nukta zimesimama kwenye sifuri, tano, kumi, kumi na tano, ishirini. Zimepangana kama wanafunzi mstarini. Kwa nini? Kwa sababu hizi nilizichagua mimi, kwa rula. Sasa tazama kwenye wima: tisa, kumi na nne, kumi na nane, ishirini, ishirini na moja. Hizi hazikupangana, kwa sababu sikuzichagua. Udongo ndio uliozichagua. Nyasi nazipima nikipenda, maji siyaamuru. Kwa hiyo chini ni nyasi."

Bwana Bitegeko alivaa tena miwani. Alisogea mpaka pua ikakaribia manila. Aliweka kidole chake mwenyewe, kikubwa, kwenye kumi, akapanda mpaka kwenye mstari, akaenda kushoto. Nilimwona anahesabu midomo ikicheza. Akarudi kwenye ishirini, akafanya vilevile.

"Kumi na nane," akasema. "Na hapa ishirini na moja."

"Ndiyo, mzee."

"Tofauti ni tatu."

"Kwa mara mbili ya mizigo."

"Kiangazi kimoja tu hiki, udongo wa sehemu moja tu," akasema.

"Ndiyo, mzee. Sijasema dunia nzima. Nimesema nyuma ya maabara yetu. Wengine wapime kwao."

Alirudi kwenye kiti. Jovina akamaliza maelezo yake, na makofi yakapigwa, hasa na wale wenye shingo ngumu kwa mizigo.

Matokeo yalisomwa mchana. Maelezo ya Jovina yalipata alama za juu kuliko wote. Alama za chati zilikuwa sifuri, kama sheria ilivyosema. Akawa wa tatu. Bukoba walikwenda wengine, mmoja wao na volkano ya unga wa sabuni.

Nilimfuata Bwana Bitegeko uani, nikamwambia kilichotokea: kwamba mimi ndiye niliyebandika, na kwamba sheria imemwadhibu mtu asiyehusika. Jovina alikuwa nyuma yangu. Hakunisubiri nimalize.

"Mama Maabara alibandika, mimi sikukagua. Jina lililoandikwa pale ni langu."

Mzee akamgeukia. "Ungenyamaza, binti, ungekwenda. Ninakuambia ukweli. Nilikuwa nimekwisha kukuweka wa kwanza moyoni."

"Ningekwenda, mzee, na karatasi inayomwambia mama yangu abebe mizigo mara mbili."

"Kwa hiyo hujuti?"

"Ninajuta. Nilitaka kwenda Bukoba." Akanirudishia kalamu yangu. "Lakini ningeipiga mistari tena."

Mwalimu Kamugisha alitununia njia nzima. Wiki iliyofuata alianza kuwafanya wanafunzi wote waguse chati kwa kidole kabla ya kuisemea darasani, kana kwamba ni yeye aliyeibuni desturi hiyo. Sikumsahihisha. Mimi niliacha kubandika lebo za mtu. Mwanafunzi anaandika na kubandika mwenyewe, na mimi ninasimama pembeni nikiuliza tu: namba zipi ulizichagua wewe, na zipi ulizipata? Hilo swali nawaachia. Ukijibiwa vibaya, lebo ziko kinyume.

Kabla ya kuondoka nilipita kwa mama yake Jovina kuaga. Ilikuwa kiangazi. Chini ya migomba nyasi zilifika sentimita kumi, si zaidi. Alikuwa amechonga kijiti chenye alama ya sentimita kumi. Jirani yake alikuwa kwenye ua, akicheka kwamba kibanja kile kinatembea uchi.

"Kinatembea uchi lakini hakijakauka," mama akamjibu, akichimba kwa kidole na kumwonyesha udongo mweusi. "Wewe endelea kubeba. Mimi shingo yangu inapumzika."

Alinyoosha mkono kunionyesha mlima. Vilima vya majirani vilikuwa vimenyolewa mpaka mawe yanaonekana. Sehemu yake ilikuwa imekatwa nusu. Nyasi za nusu nyingine zilisimama, ndefu, zikiyumba, na hakuna aliyekuwa akipanda kuzifuata.